Pudini Itokayo Nzima Katika Kalibu

Katika nchi ya Meru na Embu maziwa na mayai si vitu vya kutafutwa kwa shida. Hata hivyo, pudini ya karameli, ambayo haihitaji kitu kingine ila maziwa, mayai na sukari, huonekana zaidi katika meza za hoteli kuliko katika nyumba za wenye ng'ombe na kuku. Sababu yake si gharama. Sababu ni kwamba watu wengi waliojaribu kuipika waliona jinsi inavyovunjika wakati wa kuitoa katika chombo, na baada ya kuaibika mara moja mbele ya wageni hawakutaka kujaribu tena. Wafaransa huiita pudini hii kwa jina lenye maana ya krimu iliyopinduliwa, na jina hilo limekaa vizuri, kwa kuwa kazi yote huhukumiwa katika ile dakika moja ya kupindua.

Yafaa msomaji atambue kwanza kwamba kastadi inayozungumzwa hapa si ile ya unga wa manjano unaouzwa dukani. Unga ule ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi, na hugandisha maziwa kama uji. Kastadi ya karameli hugandishwa na mayai peke yake. Humiminwa ikiwa majimaji juu ya sukari iliyounguzwa chini ya chombo, hupikwa taratibu mpaka igande, kisha hupozwa na kupinduliwa juu ya sahani. Ikitoka vema, husimama nzima, laini, na juu yake pana rangi ya kahawia inayong'aa, na mchuzi wa sukari huteremka pande zote.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Nkubu aliyekuwa akijifunza upishi katika chuo kimoja mjini Meru. Karo yake ililipwa na mama yake kwa kuuza maziwa. Siku kumi kabla ya mtihani wa vitendo, wanafunzi walijaribishwa kupika pudini hii, na ya kijana huyo ilitoka nusu. Nusu ya juu ilianguka sahanini kama ugali uliomwagika, nusu ya chini ikabaki katika kalibu, na chini kabisa karameli ilikuwa ingali ngumu kama kioo. Akaambiwa kwamba akifanya hivyo tena siku ya mtihani, hapana budi kurudia muhula mzima. Muhula mzima maana yake ni karo nyingine, na mama yake alikuwa na ng'ombe wawili tu wa kukamuliwa.

Basi Jumamosi iliyofuata akapanda gari kupitia Chuka mpaka karibu na Runyenjes, kwa mjomba wake, mzee aliyepika katika hoteli za wageni kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kurudi shambani kwake. Mzee hakumpa pole. Alimwuliza maswali matatu. Karameli ilikuwa ya rangi gani? Pudini ilikaa muda gani tangu kutoka motoni mpaka kupinduliwa? Na kisu ulikipitisha wapi?

Kijana akajibu kwamba rangi ilikuwa kama asali changa, kwamba pudini ilikaa kama saa moja tu na ilikuwa ingali vuguvugu, na kwamba kisu cha mezani alikipitisha pembeni na kisha akakiingiza chini ili kuinua.

"Mwanangu," akasema mzee, "hukuipindua pudini. Uliichimba."

Wakaanza na sukari. Mzee alikuwa na sukari ya kahawia, ile ya kawaida ya madukani, na sufuria ndogo yenye chini nene. Kwa pudini ya nusu lita ya maziwa alipima vijiko 8 vya mezani vya sukari, visivyojaa sana, ambavyo ni kama gramu 100, na vijiko 3 vya maji. Maji hayo si kwa ajili ya karameli yenyewe, maana yote hutoka kwa mvuke. Kazi yake ni kuifanya sukari iyeyuke sawasawa kabla haijaanza kuungua, ili sehemu moja isiwe nyeusi na nyingine ingali chenga.

Kijana akashika kijiko na kukoroga, kama afanyavyo mtu anayepika uji. Mzee akamwacha. Sukari ilichemka, ikaanza kuwa nzito, mara ikageuka kuwa nyeupe kama chumvi na kushikamana katika madonge. Jambo hilo huwashangaza wengi, wakadhani sukari ni mbovu, kumbe sababu ni kijiko. Chembe chache za sukari ambazo hazijayeyuka, zilizobaki katika kijiko au kandokando ya sufuria, zikikorogwa ndani ya sukari iliyoyeyuka huivuta yote irudi kuwa chembe tena. Dawa yake si kuitupa. Mzee alitia maji vijiko vingine vinne, akapunguza moto, akaacha mpaka kila donge likayeyuka, kisha akakamulia matone machache ya ndimu. Ukali wa ndimu hubadilisha sehemu ya sukari hata isiweze tena kujipanga kuwa chembe. Tangu hapo kijiko hakikuingia katika sufuria. Sukari inapokuwa ya kahawia upande mmoja, sufuria huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono, na chembe zilizoganda ukingoni huteremshwa kwa brashi iliyoloweshwa maji.

Hapo ndipo ilipo shida moja wasiyoiona wale wanaofuata vitabu vya Ulaya. Vitabu hivyo husema, acha sukari mpaka iwe na rangi ya kahawia. Lakini sukari ya kahawia ina rangi hiyo tangu ilipoyeyuka, na mpishi akitazama ndani ya sufuria iliyosawijika hawezi kujua hatua aliyofika. Mzee aliweka sahani nyeupe karibu na jiko, na kila mara akachovya ncha ya uma na kudondosha tone moja. Tone la kwanza lilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa, la pili kama asali, la tatu kama chai ya rangi iliyokolea. La tatu ndilo alilolitaka. Pamoja na rangi, alimwambia kijana anuse. Sukari changa hunuka utamu tu. Ikikaribia, harufu yake huwa kama ya kahawa inayokaangwa, na moshi mwembamba sana huanza kuinuka. Moshi ukiwa mzito na harufu ikichoma pua, imekwisha kupita, na itakuwa chungu. Hapo hakuna dawa ila kuitupa na kuanza upya.

Kwa kipimajoto, karameli nzuri iko kati ya digrii 170 na 180. Kuna watu wanaodhani kwamba, kwa kuwa maji huchemka mapema katika nchi za juu, hesabu hii nayo hupungua. Ni kweli kwamba katika mji wa Meru, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 95 hivi wala si 100. Lakini sukari ikisha kupoteza maji yake, haina habari na urefu wa mlima. Huungua kwa joto lile lile huko Meru kama Mombasa. Rangi na harufu ni mashahidi wale wale mahali pote.

Mzee aliiondoa sufuria motoni kabla rangi haijafika kabisa pale alipopataka. Sufuria nene hushika moto, na sukari huendelea kuungua ndani yake hata ikiwa mezani. Akakichovya kitako cha sufuria ndani ya maji baridi kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha akaimimina upesi katika kalibu, ambayo ilikuwa imepashwa moto kidogo ili sukari isigande kabla ya kuenea. Kalibu yenyewe ilikuwa sufuria ndogo ya alumini isiyofika ujazo wa lita moja. Akaizungusha mpaka karameli ikafunika chini yote na kupanda pembeni upana wa kidole kimoja. Juu zaidi ya hapo hakuna faida, maana itateremka.

Wakati huo mtoto mmoja wa nyumba alitaka kuonja kwa kidole. Mzee alimzuia kwa sauti kali ambayo kijana hakuwahi kuisikia. Maji ya moto yakimwagikia mtu huteremka na kuondoka, lakini sukari ya namna hii hushika katika ngozi na kuendelea kuchoma. Kila anayepika karameli yampasa aweke beseni la maji baridi karibu, na ikimrukia autie mkono humo mara moja, bila kujaribu kuibandua kwanza.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno kuhusu chombo. Si kila chombo kinafaa kuwa kalibu. Kopo la mafuta au la maziwa ya unga, ambalo ukingo wake umekunjwa kuelekea ndani, litaikata pudini njiani hata ikiwa imepikwa kwa ustadi gani. Mdomo wa chombo lazima uwe mpana kama kitako chake au zaidi. Kikombe cha bati chenye pande zilizonyooka kinafaa, na sufuria isiyo na mishikio inafaa pia, mradi haikubonyea. Mahali palipobonyea kuelekea ndani ni kama ndoana.

Karameli ikaachwa ipoe mpaka ikawa ngumu. Ikilia na kupasuka, hiyo si hasara. Mzee akapaka siagi nyembamba sana kwenye pande zilizobaki wazi, kwa kuwa hapo hakuna sukari ya kuitelezesha kastadi, na yai likipikwa juu ya alumini kavu hushikamana nayo kama vile linavyoshikamana na kikaango.

Kastadi yenyewe haikumchukua muda mrefu. Maziwa ya ng'ombe wake yalichemshwa kwanza kwa ajili ya usalama, kisha yakaachwa mpaka yakawa ya moto usiomwunguza mtu. Nusu lita ya maziwa huhitaji mayai 4 ya dukani, au 5 ya kienyeji ambayo ni madogo, na vijiko 5 vya sukari. Wengine hupunguza mayai ili pudini iwe laini zaidi. Kastadi ya kuliwa katika bakuli yaweza kupunguziwa, lakini ya kupinduliwa husimama kwa nguvu za yai, hasa ute mweupe, nayo ikikosa nguvu hizo itasambaa sahanini. Mayai yalichanganywa na sukari kwa uma, polepole, bila kupigwa hata yakatoa povu. Maziwa yakamiminwa juu yake kidogo kidogo, matone machache ya vanila yakatiwa, na yote yakapitishwa katika chujio. Povu lililobaki juu liliondolewa kwa kijiko, maana kila pofu la povu hugeuka tundu.

Sufuria kubwa ilikuwa tayari jikoni, na kitambaa kilichokunjwa kimetandikwa chini yake ili kalibu isiguse moja kwa moja mahali palipo na moto. Maji ya moto yalitiwa mpaka yakafika nusu ya urefu wa kalibu na kupita kidogo. Mfuniko ulifungwa kwa kitambaa kisafi, kusudi matone ya mvuke yasianguke juu ya kastadi. Makaa yalipunguzwa mpaka maji yakawa yanatetemeka tu, bila kutokota.

Kijana akauliza kwa nini wasiache yatokote, ikiwa maji ya huku hayafiki digrii 100. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha pudini laini na ile yenye matundu kama sifongo. Kastadi ya namna hii huganda kati ya digrii 80 na 85. Ikipita hapo sana, lile yai hujikunja na kukamua maji liliyoyashika, na maji hayo huacha matundu. Digrii 95 za Meru ni chini ya 100 za pwani, lakini bado ni nyingi mno kwa yai. Nchi ya juu humpa mpishi nafasi ndogo tu ya kukosea, wala haimwondolei kazi ya kulinda moto. Na pudini yenye matundu si mbaya kwa macho tu. Ina nyufa ndani yake, na ikipinduliwa hupasukia katika nyufa hizo.

Baada ya dakika 40 mzee alifunua na kuitikisa kalibu. Pande zilikuwa zimesimama, ila katikati, mahali penye ukubwa wa sarafu kubwa, palikuwa pakitetemeka. Alichoma kisu chembamba nusu ya njia kati ya ukingo na katikati, na kisu kikatoka safi. Akaitoa kalibu majini mara hiyo hiyo. Ingeachwa ndani ya maji ya moto, ingeendelea kuiva bila ya mtu kujua, na hilo ni kosa la wapishi wanaozima moto na kwenda zao wakidhani kazi imekwisha.

Sasa ikaja sehemu ambayo kijana aliiona kuwa si kazi, nayo ndiyo iliyomwangusha chuoni. Pudini iliachwa mezani kwa saa moja, ikawekwa katika beseni la maji baridi yaliyobadilishwa mara mbili, kisha ikatiwa katika friji, na mzee akasema haitaguswa mpaka asubuhi. Kijana alitaka kujua kama kusubiri huko ni desturi tu au kuna maana.

Kuna maana mbili. Ya kwanza ni kwamba yai lililopikwa na maziwa likiwa vuguvugu lingali dhaifu, na likipoa kabisa hukaza na kuweza kujibeba. Ya pili ni kubwa zaidi. Ile karameli ngumu iliyo chini ina kiu ya maji. Saa baada ya saa huyavuta kutoka katika kastadi iliyo juu yake, nayo huyeyuka kwa maji hayo, mpaka ile tabaka iliyokuwa kioo inakuwa mchuzi mwembamba. Mchuzi huo ndio unaotelezesha pudini. Ukipindua baada ya saa moja, karameli ingali imeshika pande mbili kama gundi, kitako cha chombo upande mmoja na kastadi upande mwingine, na kinachokatika ni kile kilicho dhaifu. Kwa hiyo ile karameli ngumu aliyoikuta kijana chini ya kalibu yake haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa haijapewa muda.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya watu kwenda kanisani, kalibu ilitolewa katika friji na kuachwa mezani kwa robo saa. Mzee aliosha mikono, akabonyeza ukingo wa kastadi kwa ncha ya kidole, akiuvuta kidogo kuelekea katikati, na kufanya hivyo kuzunguka chombo chote. Ukingo wa juu ulio mkavu ndio ushikao kuliko sehemu nyingine, na kidole huufungua bila kuukata. Kisha akachukua kisu chembamba kilichochovywa katika maji ya moto, akamkabidhi kijana.

Kisu hicho kina sheria yake. Ubavu wake huegemea chuma cha chombo, wala si kastadi, hata mkono usikie kisu kikikwaruza chuma kidogo. Huteremka mpaka chini mara moja, kisha huzungushwa mzunguko mmoja bila kuinuliwa na bila kukatakata kama msumeno. Hakiingii chini ya pudini hata kidogo, kwa sababu huko karameli imekwisha kufanya kazi yake. Kijana alizunguka vizuri, ila mahali pamoja mkono ulichoka akakiinua kisu na kukirudisha.

Baada ya kisu, wengi hupindua mara moja, na hapo hukutana na adui asiyeonekana. Pudini iliyokaa chini ya chombo bila nafasi yoyote ya hewa huvutwa huko kama kikombe kilichofunikwa juu ya maji. Hata ikiwa haikushika mahali popote, haitashuka mpaka hewa iingie nyuma yake. Mzee aliishika kalibu na kuilaza upande, kama mtu anayemwaga maji taratibu, mpaka uzito wa kastadi ukaiachanisha na ukuta wa juu. Ufa mwembamba ukafunguka, na mara mchuzi wa kahawia ukaonekana ukipanda katika ufa huo. Hiyo ndiyo dalili. Pale mchuzi unapopanda, hewa imeshuka. Akaizungusha na kuilaza upande wa pili, kisha wa tatu, mpaka pudini nzima ikawa inacheza ndani ya kalibu.

Sahani aliyoichagua ilikuwa na ukingo ulioinuka, kwa kuwa mchuzi ni mwingi na sahani bapa huumwaga mezani. Kabla ya kuiweka juu ya kalibu, aliilowesha kwa maji kidogo. Pudini ikianguka si katikati juu ya sahani kavu, haisogei tena, na akijaribu mtu kuisogeza itapasuka. Juu ya sahani yenye unyevu husukumwa kidogo na kukaa mahali pake.

Kijana alifunika sahani juu ya kalibu, akavishika vyote viwili kwa mikono miwili, vidole gumba juu na vingine chini, akapindua kwa mwendo mmoja kutoka kwake kwenda mbele. Kisha akavitikisa mara moja kwenda chini. Hakuna kilichosikika. Alitaka kuinua kalibu atazame, mzee akamkataza. Anayeinua kabla ya wakati huingiza hewa upande mmoja, na pudini hushuka upande huo peke yake na kukatika. Mzee alikamua kitambaa kilichotiwa katika maji ya moto, akakiweka juu ya kitako cha kalibu kwa nusu dakika. Wakatikisa tena. Sauti ikasikika, fupi na nzito, kama ya tope linaloachia mguu. Ndipo kalibu ikainuliwa wima, polepole.

Ilitoka nzima. Ubavuni palikuwa na alama ndogo, pale pale kisu kilipoinuliwa. Chini ya kalibu palibaki karameli kidogo isiyoyeyuka. Mzee alitia vijiko viwili vya maji, akaipasha moto mpaka ikayeyuka, na mchuzi huo ukaongezwa sahanini.

Lakini mtihani ulikuwa na saa tatu tu, wala si usiku mzima, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua kijana tangu alipofika. Mzee alikuwa amekwisha kulifikiria. Wapishi wa hoteli pia hupata wageni wa ghafula. Katika hali hiyo, karameli ikifika rangi yake na kuondolewa motoni, hutiwa vijiko viwili vya maji ya moto, huku mpishi akisimama mbali na uso wake umegeuzwa, kwa maana hulipuka kwa mvuke na kuruka. Karameli hiyo haigandi tena kuwa kioo. Huwa nzito kama asali, na haihitaji saa nyingi ili iwe mchuzi. Ubaya wake ni kwamba kastadi ikimiminwa kwa nguvu huchanganyika nayo, hivyo hapana budi kuipoza kwanza mpaka iwe nzito kabisa, na kumimina juu ya mgongo wa kijiko. Pili, kalibu ziwe ndogo, za ukubwa wa kikombe kidogo, maana hizo huiva kwa dakika 25 au 30 katika tanuri la digrii 150, zikiwa ndani ya trei yenye maji ya moto, nazo hupoa upesi zikiwekwa katika maji ya barafu. Njia hii humfaa pia mwenye nyumba asiye na friji, kama wengi wa sehemu za joto za Mbeere. Apike asubuhi, apoze katika maji baridi, na pudini iliwe mchana ule ule. Kitu cha maziwa na mayai hakilazwi nje ya friji.

Siku ya mtihani kijana alipika vikombe sita. Vitano vilitoka vizima. Cha sita kilikataa, akakirudisha wima, akakichovya katika maji ya moto kwa kuhesabu mpaka kumi, akakilaza upande tena. Kikatoka kikiwa na ukingo uliochanika. Akakiweka nyuma ya vingine. Msahihishaji alipofika alipita vile vitano, akakivuta hicho hicho cha nyuma, akakikata katikati kwa kijiko na kukitazama ndani kwa muda. Hakukuwa na tundu hata moja. Akaonja mchuzi, akauliza sukari ilikuwa ya rangi gani kabla ya kupikwa, akaandika alama katika karatasi yake, akaenda kwenye meza iliyofuata.